Nilikata Sharti, Nikasingizia Mtambo

Naungama makosa mawili, na la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza ni kwamba nilipewa kichwa cha tangazo chenye herufi 73, nikakipunguza hadi herufi 27, na katika kupunguza huko nikatupa vitu viwili vilivyokuwa roho ya tangazo lenyewe: neno ambalo wanunuzi walikuwa wakilitafuta, na sharti la ofa. La pili ni kwamba mwenye mali aliponiuliza mbona tangazo lake linaahidi jambo ambalo yeye hakuahidi, nilimjibu kwamba Google ndiyo iliyokata maneno. Huo ulikuwa uongo mtupu. Google haimkatii mtu kichwa cha tangazo. Ukizidisha herufi, kisanduku kinageuka chekundu na mtambo unakataa kuhifadhi. Anayeamua lipi lianguke na lipi libaki ni mwandishi, na mwandishi nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wa Ogembo na vijiji vya jirani matangazo ya Google, yale yanayotokea juu ya matokeo mtu anapotafuta kitu kwa simu. Wateja wangu ni watu wa agroveti, wa mabati, wa matangi ya maji, wa saluni. Aliyeumizwa na kosa hili ni mama mmoja mwenye kitalu cha miche, upande wa kuteremka kuelekea mto Gucha. Anauza miche ya parachichi aina ya Hass, iliyopandikizwa, ikiwa kwenye viriba, shilingi 150 mche mmoja. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia, na huo ndio wakati wake wa kuuza, kwa kuwa mkulima asiye na maji ya kumwagilia hanunui mche kiangazi. Aliniletea karatasi aliyoandika kwa mkono wake: Miche Bora ya Parachichi ya Hass, Usafiri Bure Ukinunua Miche 50 au Zaidi. Chini yake alikuwa ameongeza kwamba usafiri huo ni ndani ya kaunti za Kisii na Nyamira tu.

Ofa yake alikuwa ameipigia hesabu vizuri. Miche 50 kwa shilingi 150 ni shilingi 7,500, na kwenye fedha hizo nauli ya kufikisha mzigo hadi Nyamira inapatikana na faida bado ipo. Chini ya hapo nauli inakula faida, na chini zaidi inakula hata mtaji. Kwa hiyo lile sharti la miche 50 ndilo lililoifanya ofa iwezekane.

Kichwa cha tangazo la utafutaji kina ukomo wa herufi 30. Nafasi kati ya maneno inahesabiwa, koma inahesabiwa, tarakimu inahesabiwa. Maneno ya Mama yalikuwa na herufi 73, yaani yamezidi kwa 43. Nikaanza kufyeka kama mtu aliyeambiwa mzigo umezidi uzito kituoni. Nilianza na “Bora”, na hapo sikukosea, kwa sababu kila muuza miche husema yake ni bora. Nikatoa “Ukinunua Miche 50 au Zaidi”, nikijiambia kwamba mteja ataelezwa akipiga simu. Bado maneno yalizidi, nikatoa “ya Parachichi”, nikijiambia tena kwamba nani asiyejua Hass ni parachichi? Kikabaki hiki: Miche ya Hass, Usafiri Bure. Herufi 27. Kilikaa vizuri kwenye kisanduku, kilisomeka upesi, nikakipenda. Nikakizungushia vichwa vya kujazia nafasi, na sikumwonyesha Mama kabla ya kukirusha.

Kilichonidanganya ni kwamba takwimu zilipanda. Idadi ya waliobofya ikilinganishwa na walioliona tangazo iliongezeka kupita matangazo yote niliyokuwa nimewahi kuandika kwa ajili ya vitalu. Nilimtumia Mama picha ya skrini na kujisifu kidogo. Sasa ninajua kwamba nambari ile ndiyo iliyopaswa kunishtua. Ukitoa sharti kwenye ofa, ofa inakuwa tamu kuliko ilivyo, na watu wengi zaidi wanaibofya. Wengi wao si wanunuzi wa miche 50. Ni watu wa miche minne ya nyuma ya nyumba waliosoma “Usafiri Bure” na kuamini walichosoma, na haki ya kuamini wanayo. Kila mbofyo wao unalipiwa na mwenye tangazo, anunue asinunue. Ukiona mibofyo imepanda mara tu baada ya kufupisha kichwa, na mauzo yamekaa palepale, usisherehekee. Rudi ukasome ulichokata.

Dalili nyingine ilikuwa kwenye simu za Mama. Kwa kawaida anayetaka miche huuliza kwanza bei, kisha umri wa mche, kisha kama umepandikizwa kweli. Sasa sentensi ya kwanza ilikuwa moja kwa wote: “Mnaleta bure, sivyo?” Mwalimu mmoja wa Keroka aliagiza miche sita. Mama alipomweleza sharti la miche 50, mwalimu hakupaza sauti. Alimsomea tangazo neno kwa neno kutoka kwenye simu yake nyingine, kisha akamuuliza ni wapi palipoandikwa 50. Mama akaona aibu, akampakilia bodaboda ile miche sita, mali ya shilingi 900, na nauli akatoa mfukoni mwake.

Ndipo akanipigia. Hakunifokea. Alisema, “Mwanangu, umewaahidi watu kitu ambacho mimi sina. Ile 50 yangu ilienda wapi?” Hapo ndipo niliposema ule uongo. “Mama, hii Google ina herufi 30 tu. Inakata yenyewe.” Akaguna, akakubali, kwa sababu ndani ya simu aliniamini kama ninavyomwamini yeye ndani ya kitalu. Niliahidi kurekebisha siku hiyohiyo.

Marekebisho yale yalizaa kosa jingine, na hili lilitokana na mazoea. Nilijifunza kazi hii enzi za matangazo ya mpangilio usiobadilika. Kabla ya mwaka 2016 kichwa kilikuwa kimoja tu chenye herufi 25. Mwaka huo vikaja vichwa viwili vya herufi 30 kila kimoja, na mwaka 2018 kikaongezwa cha tatu. Katika mtindo ule, kichwa cha kwanza kilikuwa cha kwanza na cha pili kikakifuata. Ukiandika ofa kwenye kimoja na sharti kwenye kinachofuata, vitasomwa pamoja. Mtindo huo ulifungwa tarehe 30 Juni 2022: tangu siku hiyo huwezi kuunda tangazo la namna ile wala kulihariri. Kilichobaki ni tangazo ambalo wewe unaleta vichwa, kuanzia vitatu hadi 15, na mtambo unachagua vya kuonyesha na kuvipanga unavyotaka. Huonyesha hadi vitatu kwa wakati mmoja, na mara nyingine pungufu ya hapo.

Jambo hilo nililijua kwa kulisoma, lakini mkono wangu bado ulikuwa unaandika kwa mtindo wa zamani. Nikamwekea Mama vichwa hivi vitano, vyote ndani ya ukomo:

```
Miche ya Parachichi ya Hass    27
Usafiri Bure Hadi Kwako        23
Ukinunua Miche 50 au Zaidi     26
Kitalu cha Miche Ogembo        23
Mche wa Hass KSh 150           20
```

Parachichi imerudi. Sharti limerudi. Nikaona deni langu limelipwa. Lakini piga hesabu nami. Vichwa vitano vikionyeshwa viwili viwili, kuna mipangilio 20. Katika mipangilio minane kati ya hiyo, “Usafiri Bure Hadi Kwako” kimo. Na katika hiyo minane, ni mmoja tu ambao sharti linafuata ofa kama nilivyokusudia. Mmoja mwingine unatanguliza sharti na kumalizia na ofa, nao unaeleweka. Ile sita iliyobaki inaahidi usafiri bure bila sharti lolote. Kipo pia kichekesho cha upande wa pili, yaani mipangilio inayoonyesha “Ukinunua Miche 50 au Zaidi” kando ya “Kitalu cha Miche Ogembo”, msomaji akabaki anajiuliza akinunua hiyo 50 atapata nini. Ipo ripoti ambayo kwenye skrini huitwa Combinations, inayokuonyesha vichwa vilivyotoka pamoja na mara ngapi vimeonekana. Sikuifungua. Niliangalia tangazo kwenye kioo cha majaribio, nikakuta mpangilio mzuri, nikafunga kompyuta.

Simu za “mnaleta bure, sivyo?” hazikukoma. Safari hii Mama hakupiga, alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na kuuliza kama Google imekata tena. Nilianza kumjibu kwa mkato kama mara ya kwanza, nikashindwa. Nikamwonyesha kisanduku cha kuandikia, nikaandika herufi 31 mbele yake, kikawa chekundu. Nikamwambia, “Mama, haikatwi na mtu mwingine. Ni mimi niliyekata.”

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza swali la mtu wa kitalu. Ukitaka kufupisha mche uliopandikizwa, unakata juu ya kiungo au chini yake? Nilijua jibu kwa kumwona akifanya kazi. Ukikata juu ya kiungo, kinachochipua ni Hass. Ukikata chini, kinachochipua ni shina la kienyeji lililobeba Hass, na mche unabaki na jina la Hass bila tunda lake. Akasema, “Basi wewe ulikata chini.” Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo ya kosa langu.

Tulikaa pamoja tukaanza upya, na huo ndio uhariri ambao ningepaswa kuufanya siku ya kwanza. Kabla ya yote tulisimamisha tangazo lililokuwa likiendelea. Hilo nalo sikulifanya mara ya kwanza. Nililiacha liendelee kutumia fedha na kutoa ahadi za uongo huku nikifikiria maneno mapya. Tangazo jipya hukaguliwa kwanza, kwa kawaida ndani ya siku moja ya kazi, na hakuna sababu ya kuliacha lenye makosa likiwa hewani muda wote huo.

Kisha tuliichukua sentensi ya Mama na kuitafutia viungo vyake. Kiungo kikubwa kipo penye koma. Upande wa kushoto kuna kinachouzwa: Miche Bora ya Parachichi ya Hass. Upande wa kulia kuna ofa: Usafiri Bure Ukinunua Miche 50 au Zaidi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kulazimisha pande hizi mbili ziishi katika herufi 30, ilhali mtambo unaniruhusu vichwa vingi. Sentensi ilipaswa kugawanywa penye koma, kisha kila upande upunguzwe peke yake.

Upande wa kushoto ulikuwa rahisi. Una herufi 32. Ukiondoa “Bora” na nafasi yake, unabaki na Miche ya Parachichi ya Hass, herufi 27, na neno linalotafutwa limesimama zima. Mkulima wa Kenyenya au Nyamache anapochukua simu, haandiki “Hass” peke yake. Huandika miche ya parachichi, au miche ya avocado, au bei ya miche ya parachichi. Nilipolitoa neno parachichi, tangazo liliendelea kutokea kwa utafutaji huo, lakini alama ya uhusiano kati ya tangazo na neno ilikuwa ya chini. Google hulipatia kila neno msingi alama kati ya 1 na 10, na hiyo hutokana na mambo matatu: uwezekano wa kubofywa, uhusiano wa tangazo na kilichotafutwa, na ukurasa anaofikia mteja. Kwenye safu ya uhusiano, neno letu kuu lilikuwa limeandikwa Below average. Sikuwa nimefungua safu hiyo, kwa kuwa nilishalewa na mibofyo. Kwa wanaotafuta “avocado” tuliweka kundi jingine la maneno lenye kichwa chake, Miche ya Avocado ya Hass, badala ya kujaribu kubana majina yote mawili ndani ya kichwa kimoja.

Upande wa kulia ndio uliotutoa jasho. Usafiri Bure Ukinunua Miche 50 au Zaidi una herufi 39, umezidi kwa tisa. Wazo la kwanza lilikuwa kuugawa tena, ofa huku na sharti kule, kisha kuvibana vyote viwili kwa pini ili visitengane. Pini ni kile kitufe kinachokifungia kichwa nafasi yake, ya kwanza, ya pili au ya tatu. Inawezekana: ofa nafasi ya kwanza, sharti nafasi ya pili. Lakini nafasi zinazotegemewa kuonekana ni hizo mbili tu. Ya tatu huonekana mara nyingine na mara nyingine haionekani. Ofa ikila nafasi zote mbili, neno msingi linasukumwa hadi ya tatu, na tumerudi kule kule kwa tangazo lisilotaja parachichi. Hapo nikaelewa kwamba hakuna njia ya mkato. Ofa na sharti lake lazima viingie pamoja ndani ya herufi 30, kichwa kimoja, ili nafasi nyingine ibaki ya neno msingi.

Tukajaribu kwa sauti. Kutoa “au Zaidi” pamoja na nafasi zake kunapunguza herufi tisa kamili, na unapata Usafiri Bure Ukinunua Miche 50. Herufi 30 barabara. Nilitaka kusimama hapo. Mama akauliza, je, mtu akitaka 70? Kwa maneno hayo msomaji mgumu anaweza kudhani ofa ni ya miche 50 tu, isizidi wala isipungue. Tukajaribu Usafiri Bure kwa Miche 50+, herufi 26, kinatosha na bado kuna nafasi. Mama alisema wazee wanaonunua kwake hawaisomi ile alama ya kujumlisha, wanaipita. Ndipo ikaja Usafiri Bure Kuanzia Miche 50. Herufi 29. “Kuanzia” linabeba kazi ya “ukinunua” na ya “au zaidi” kwa mpigo, na mtu yeyote wa sokoni analielewa kwa sababu ndivyo bei za jumla zinavyotangazwa.

Likabaki sharti la pili, la Kisii na Nyamira. Usafiri Bure Kisii na Nyamira nacho kina herufi 29, lakini hakina 50, na kukiweka kungekuwa kurudia kosa lilelile kwa mlango mwingine. Sharti hili tulilitoa kwenye kichwa kwa njia ya haki: tuliliweka kwenye mipangilio ya mahali. Tangazo likionyeshwa kwa watu walio ndani ya kaunti hizo mbili tu, kichwa hakina haja ya kuzitaja. Ila hapa kuna mtego. Mtambo ukiachwa ulivyo, huonyesha tangazo hata kwa mtu aliye Nairobi ambaye amekuwa akitafuta mambo ya Kisii, kwa kuwa unahesabu pia wanaovutiwa na mahali hapo. Lazima uingie kwenye mipangilio na kuchagua Presence, yaani waliopo au wanaokuwapo mara kwa mara. Hata hivyo si kinga kamili, kwa hiyo mahali tulipataja pia kwenye maelezo, ambayo yana nafasi ya herufi 90:

```
Tunafikisha bure Kisii na Nyamira ukinunua miche 50 au zaidi. Mche mmoja KSh 150.
```

Hizo ni herufi 81. Maelezo hayo tuliyabana kwa pini kwenye nafasi ya kwanza, kwa sababu maelezo ya pili nayo si lazima yaonekane. Kichwa cha parachichi tukakibana nafasi ya kwanza, cha usafiri nafasi ya pili. Vile vingine, cha kitalu na cha bei, tuliviacha vizunguke katika nafasi ya tatu, kwa kuwa kimoja kikikosekana hakuna anayedanganyika. Mtambo ulilalamika kwamba pini zinapunguza uhuru wake wa kujaribu mipangilio, na alama ya nguvu ya tangazo ikashuka. Niliiacha ishuke. Alama ile hupima aina na wingi wa vichwa ulivyoupa mtambo, haipimi kama umesema kweli. Mwisho tuliandika sharti lilelile juu kabisa ya ukurasa wa kitalu, kwa maneno yaleyale. Kanuni za Google zenyewe zinataka ofa iliyo kwenye tangazo ionekane kwa urahisi kwenye ukurasa anaofikia mteja.

Siku zilizofuata mibofyo ilipungua, na simu zikapungua. Waliopiga walikuwa wakiuliza umri wa mche. Mama alisema hiyo ndiyo simu anayoijua. Nilimrudishia nauli za maagizo madogo alizotoa kwa ajili ya heshima ya maneno yangu, na ada yangu ya kazi ile sikuidai.

Ninalirudia lile la uongo kwa sababu ndilo lingeweza kumfikisha pabaya. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria za kumlinda mtumiaji, pamoja na za matangazo yenye haki, ukweli na adabu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki. Yule mwalimu wa Keroka angetaka kulifikisha jambo mbele, jina lililo kwenye tangazo ni la kitalu. Mimi sitajwi popote. Nilimwekea Mama ahadi isiyo yake kinywani mwake, kisha nikamfundisha kumlaumu mtu ambaye hakuwepo.

Tangu hapo ninahesabu herufi kwenye jedwali kabla ya kugusa mtambo, kwa fomula hii ndogo:

```
=LEN(A2)
```

Inahesabu hata ile nafasi inayobaki mwishoni unaponakili maneno kutoka mahali pengine, ambayo huwezi kuiona kwa macho lakini inakula herufi yako moja. Kando ya safu ya hesabu nimeweka safu mbili za kujaza kwa mkono: ofa hii ina sharti gani, na sharti hilo limo katika kichwa hikihiki? Kama jibu la pili ni hapana, kichwa hakiondoki mezani, hata kikiwa na herufi 20.

Ninapopunguza, ninafuata mpangilio mmoja. Sifa zinatupwa kwanza, kwa sababu “bora” na “nafuu” hazimwambii mnunuzi chochote. Jina la duka linafuata, kwa kuwa anwani ya tovuti huonekana kwenye tangazo hata usipoliandika. Nambari zinaandikwa kwa tarakimu. Habari ya kweli ambayo haikuingia, kama vile miche kupandikizwa, haitupwi, inahamia kwenye kichwa kingine au kwenye maelezo. Neno linalotafutwa linabaki zima, na ofa haitengani na sharti lake.

Ikiwa umejaribu yote hayo na ofa bado haitoshei pamoja na sharti lake, usiitie kwenye kichwa. Iandike kwenye maelezo, na kichwani useme kinachouzwa na bei yake. Na mteja wako akikuuliza maneno yake yalienda wapi, mjibu kwamba umeyakata wewe, kisha mwonyeshe uliyokata.